Fundi Anayeanza na Nati

Wateja wengi wanaopandisha ngazi kwenda kwa fundi huyu, ghorofani kule Kariakoo, hulieleza tatizo lao kwa neno moja: imelegea. Kioo kinacheza, kona ya chini inanyanyuka kila wanapofungua, plastiki imeachana upande mmoja na ukichungulia ndani ya ufa unaona chuma. Kwa macho ni kulegea kweli. Fundi husikiliza hadi mwisho, huipokea laptopu kwa mikono miwili, huiweka mezani, na hata kabla ya kuitazama ile kona iliyopasuka huishika ile nzima. Anataka kujua bawaba ya upande usiolalamikiwa ina ugumu gani. Mara nyingi huwa ngumu kupita kiasi, na hapo anakuwa ameshapata jibu: kilicholegea ni plastiki, na kilichoilegeza ni bawaba iliyokaza.

Nimekaa kwenye kiti chake cha wateja mara nyingi, nyingine bila hata kuwa na kifaa cha kutengeneza, kwa sababu napenda kumwona akiikataa haraka ya watu. Mtaani kuna mafundi wengi hodari wa bodi, wa kubadilisha chaji na kuondoa virusi, lakini bawaba wengi wao huiona kazi ya gundi ya dakika tano. Huyu huiona kazi ya nguvu na mahali nguvu inapokwenda, na nadhani yuko sahihi.

Bawaba ya laptopu haifanani na ya mlango. Ya mlango kazi yake ni kuzunguka tu, kwa hiyo kadiri inavyokuwa laini ndivyo inavyofaa. Ya laptopu hutakiwa kuzunguka na kushikilia papo hapo, maana kioo lazima kisimame pale ulipokiacha. Ndani yake kuna pini ya chuma yenye unene usiofika kalamu ya kuandikia. Juu ya pini hiyo zimepangwa washa nyembamba, baadhi zimekunjwa kidogo ili zifanye kazi ya springi, na mwisho kabisa kuna nati inayozibana zote pamoja. Msuguano wa washa hizo ndio unaokishika kioo kisianguke. Katikati yake kuna grisi nzito, ambayo imewekwa ili msuguano uwe sawa mwaka hadi mwaka na chuma kisilane na chuma.

Upande mmoja wa pini kuna mkono mrefu wa bati unaopanda kandokando ya kioo. Upande wa pili kuna mguu mfupi unaolala ndani ya mwili wa laptopu, na mguu huo umefungwa kwa skrubu mbili au tatu za milimita 2 au 2.5. Skrubu hizo haziingii kwenye chuma. Zinaingia kwenye nati ndogo za shaba ya njano, ambazo kiwandani zilizamishwa kwa joto ndani ya vinguzo vya plastiki. Kila kitu kinachoonekana imara, yaani pini, bati na skrubu, mwishowe kinashikwa na plastiki iliyozunguka shaba, yenye unene wa milimita moja au pungufu.

Sasa piga hesabu. Kwenye laptopu ya inchi 15.6, kutoka kwenye pini hadi ukingo wa juu wa kioo ni kama sentimita 22. Kutoka kwenye pini hadi mwisho wa mguu wa bawaba ni sentimita 2, ikizidi sana 3. Kioo basi ni mtaimbo: nguvu ya kilo moja unayoiweka kwa vidole pale juu inafika kwenye skrubu ikiwa imekua karibu mara kumi. Bawaba mbili zikigawana sawasawa, kila upande unavutwa kwa takribani kilo tano, na plastiki nzima inavumilia hilo. Lakini watu wengi hufungua kwa kushika kona, mkono mwingine ukiwa na simu au kikombe. Hapo bawaba ya upande ule ndiyo hubeba karibu mzigo wote. Na ikiwa grisi imekauka, ile kilo moja inakuwa mbili, inakuwa tatu, bila mwenye laptopu kuhisi, kwa sababu ugumu huongezeka kidogo kidogo na mkono huzoea.

Grisi hukauka kwa umri, kwa joto la mashine yenyewe, na kwa vumbi linaloinywa. Hapa pwani kuna pia hewa ya chumvi, ambayo hufanya kutu nyembamba kwenye pini za laptopu zilizokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Fundi anasema zile zilizofungiwa kabatini humletea tabu kuliko zinazotumika kila siku. Mtu anarudi baada ya miezi, anafungua kwa nguvu asubuhi moja, na kona inapasuka siku hiyohiyo. Anaapa kwamba hakuiangusha, naye anasema kweli.

Dalili hujitokeza mapema, nazo zina mpangilio. Ya kwanza ni kwamba huwezi tena kufungua kwa mkono mmoja. Unanyanyua kioo na mwili mzima wa laptopu unapanda nacho, hadi uushike chini. Watu huisifia hali hii, wakidhani ni uimara. Baadaye inakuja sauti, mlio mfupi kama wa plastiki inayojikunja, ukitokea mahali palepale kila kioo kinapofika nusu. Huo si mlio wa bawaba. Ni vishikizo vya kava vinavyoachia na kurudi. Kisha fremu nyembamba iliyozunguka kioo inaanza kutoka kwenye kona ya chini, mwenyewe anaibonyeza inarudi, kesho inatoka tena. Kufikia hapo nati ya shaba moja imeshang'oka ndani, ingawa nje hakuna kilichovunjika. Ukiitikisa laptopu ikiwa imezimwa ukasikia kitu kidogo kikigongagonga, usiiwashe tena. Hicho ni kipande cha shaba au skrubu, na kinazunguka juu ya bodi yenye umeme.

Dalili moja huogopwa zaidi ya inavyostahili, na nyingine hupuuzwa. Inayoogopwa ni kioo kinachoanguka chenyewe taratibu. Hapo nati imerudi nyuma au washa zimelika, na kwa kawaida kukaza kidogo kunatosha. Plastiki haiko hatarini, maana bawaba laini haivunji kitu. Inayopuuzwa ni picha kupepesa au kuwa nyeusi kioo kinapofika pembe fulani. Waya za picha, na mara nyingi za antena ya mtandao pia, hupita kandokando ya bawaba, na mguu uliong'oka huanza kuzibana kila kioo kinapofunguliwa. Nimeona watu wakinunua kioo kipya kwa sababu hiyo, kumbe kioo chao kilikuwa kizima.

Laptopu niliyoifuatilia kuanzia mwanzo hadi mwisho ilikuwa ya mwalimu wa sekondari, mama wa makamo. Ilikuwa ya inchi 15.6, plastiki tupu, na kona ya kulia ilikuwa imenyanyuka kiasi cha kupitisha kidole.

"Fundi, nipigie gundi tu nisubiri hapahapa," alisema.

"Shikamoo mwalimu. Gundi nitapiga, lakini utaichukua keshokutwa."

"Mwenzio wa chini amesema nusu saa."

"Ni kweli, nusu saa inatosha kupiga gundi. Kukauka ndiko kunakotaka kesho na keshokutwa."

Mwalimu alicheka, akaacha namba ya simu.

Fundi alianza na karatasi. Alichora umbo la laptopu ilivyo mgongoni, na kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye karatasi mahali pake. Hili si pambo. Skrubu za kava la chini hazina urefu mmoja, na ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi hutokeza juu ya sehemu ya kuwekea mikono au kutoboa kitu kilichoko njiani. Kava lilipotoka, jambo la kwanza lilikuwa kuchomoa waya wa betri. Baada ya hapo alikusanya kwa kibano kila chembe ya plastiki, hata zilizofanana na punje za sukari, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Zinafaa kwa mambo mawili: zikibaki ndani zitakwama kwenye feni, na zikipangwa zinaonyesha kinguzo kilikatikaje.

Hali ilikuwa hivi. Mguu wa bawaba ulikuwa na skrubu tatu. Nati mbili za shaba zilikuwa zimeng'oka kabisa na bado zimening'inia kwenye skrubu zake, kila moja ikiwa imezungukwa na pete ya plastiki. Ya tatu ilikuwa mahali pake, lakini kinguzo chake kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Mtu wa haraka angeona kazi ya kubandika vitu viwili. Yeye alifungua na ile ya tatu, akautoa mguu mzima, ukabaki hewani umeshikwa na kioo peke yake. Kisha akaushika kwa koleo aliyoizungushia kitambaa na kuuzungusha.

Akanipa nijaribu. Ulikuwa mgumu kiasi kwamba mkono ulitetemeka, na ulikwenda kwa kurukaruka badala ya kuteleza. Akasema hapo ndipo ugonjwa ulipo, na kwamba ukiziba plastiki ukaacha hii, utakuwa umejenga upya kitu ambacho bawaba italazimika kukivunja tena.

Aliiwekea nati alama kwa kalamu nyeupe, mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye bati, ili ajue ameisogeza kiasi gani. Akairudisha nyuma kwa spana ndogo, theluthi ya mzunguko hivi, akafuta unga wa kahawia uliotoka, akapaka grisi mpya kwa ncha ya kijiti cha meno katikati ya washa. Akauzungusha mguu mara nyingi, polepole, hadi ile hali ya kurukaruka ikaisha. Halafu akaikaza nati tena, safari hii bila kuufikia mstari. Ilisimama kama sehemu ya nane ya mzunguko kabla yake. Kipimo chake ni kioo chenyewe: kikiachwa kwenye pembe yoyote kisimame, na kikisukumwa kwa kidole kimoja kiende. Sehemu ya nane inaonekana ndogo, lakini kwenye washa za springi ndiyo tofauti kati ya bawaba inayoshika na inayong'oa.

Dawa ya kupulizia ya kulainishia kutu huwa haigusi. Anasema ni nyepesi mno, inaosha grisi iliyobaki, inatiririka hadi nyuma ya kioo na kuacha doa, na baada ya wiki mbili bawaba inakuwa kavu kuliko mwanzo. Ile gundi maalumu ya kuzuia skrubu zisifunguke nayo haiweki karibu na plastiki, kwa kuwa aina nyingi za gundi hiyo hupasua plastiki za makava ya laptopu. Skrubu anaikaza kwa vidole viwili tu, mpaka ikatae.

Hapo ndipo alipoigeukia plastiki, na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Alikwangua sakafu ya kava kuzunguka vinguzo kwa msasa mkavu, akipita huku na huku hadi mng'ao ukaisha na kukabaki mikwaruzo iliyopishana. Alifunga utepe kwenye keekee nyembamba, milimita moja kutoka kwenye ncha, ili isije ikatokeza upande wa pili, kisha akatoboa vishimo vifupi ambavyo gundi itaingia na kujishika. Alifuta kwa spiriti mara mbili na kuacha ikauke. Grisi kidogo ya kidole ikibaki hapo, kazi yote inabanduka kama ganda.

Kabla ya gundi ilikuja plastisini, ile ya watoto wa chekechea. Aliweka bonge dogo mahali palipokuwa na kinguzo, akarudisha kava la chini na kulibana, akalifungua tena. Bonge lilikuwa limebonyezwa na kuwa bapa, na unene uliobaki ndio nafasi halisi aliyonayo. Gundi ikizidi hapo kava halitafunga, na ukililazimisha litaisukuma kibodi juu. Alipima ule ubapa kwa rula: milimita 4 na kitu. Sijaona fundi mwingine akifanya hivyo, na inachukua chini ya dakika mbili.

Anatumia epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka polepole. Ya dakika tano anayo, ila anaiweka kwa kazi nyepesi, maana inayokauka haraka kwa kawaida huwa dhaifu kwa mzigo wa aina hii. Supaglu ameshaikataa moja kwa moja. Inashika upesi lakini ni kavu, inapasuka kwa mtikisiko, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na tone likiteleza hadi kwenye pini bawaba inaganda kabisa. Kuinyunyizia soda ya kuokea ili ijae na kuwa ngumu papo hapo ni ujanja unaofanya kazi kwenye ufa mdogo usiobeba kitu, na kwenye kinguzo cha bawaba haufai.

Alifunga nati mbili za shaba kwenye mguu kwa skrubu zake, kama vile kazi imekwisha, na kila skrubu akaipaka grisi kidogo ili epoksi isiishike. Kwa njia hii bawaba yenyewe ndiyo inayoamua nati zikae wapi. Ukizibandika kwa kukadiria kwa macho, tundu likikosea nusu milimita skrubu haitaingia, au itaingia kwa kulazimishwa na kuanza kupasua upya. Alichanganya epoksi kwa vipimo sawa juu ya kipande cha kigae, akakoroga dakika mbili kamili, kidogo kidogo, kwa sababu joto la Dar es Salaam huiwahi na mchanganyiko mwingi huanza kuganda ukiwa bado mezani. Alijaza vishimo kwanza, kisha akazungushia shaba, kisha akaziba ule ufa wa kinguzo cha tatu. Akaulaza mguu mahali pake, akaifunga ile skrubu ya tatu bila kuikaza.

Laptopu ikabaki imelala kifudifudi, kioo kikiwa kimefungwa kabisa na karatasi katikati. Alichagua mkao huo kwa makusudi. Kioo kikiwa kimefungwa, kingo mbili zinalingana zenyewe, na epoksi inakauka katika mkao sahihi badala ya kukauka ikiwa imevutwa na uzito. Akaandika saa kwenye utepe, akaubandika, akaisogeza rafuni. Mwalimu alipiga simu kesho yake jioni, akaambiwa bado. Maelezo ya gundi yanasema saa 24 kufikia nguvu yake; yeye huiacha na nyongeza ya usiku mmoja.

Siku ya kuifungua hakurudisha skrubu zote mara moja. Alilegeza skrubu za mguu mojamoja kuhakikisha hazikushikwa, akazikaza, halafu akafungua kioo taratibu, jicho likiwa kwenye vile vinguzo vipya na si kwenye kioo. Hakuna kilichosogea. Baada ya hapo ndipo alipoifanyia bawaba ya kushoto vilevile: alama, grisi, sehemu ya nane ya mzunguko. Haikuwa imevunja kitu. Lakini ikiachwa ngumu wakati mwenzake amelainika, kioo hujipinda kila kinapofunguliwa, mzigo wote huhamia kushoto, na kioo chenyewe, ambacho ni chembamba, ndicho hulipa.

Kuna kazi anazozirudisha. Baadhi ya bawaba hazina nati. Bati limeviringishwa kuibana pini moja kwa moja, na ugumu wake haurekebishiki. Hizo hubadilishwa, tena jozi nzima. Kona ikiwa imemeguka na vipande vimepotea, hajengi kona ya gundi. Anamtuma mteja atafute kava la laptopu ya aina ileile iliyokufa bodi, na maduka ya spea za namna hiyo hayako mbali. Makava ya chuma chepesi nayo hayapokei mbinu hii, kwa kuwa skrubu zake huingia kwenye chuma chenyewe na kinachoharibika ni uzi wa tundu. Na wale wanaotoboa kava la nyuma wakapitisha boliti hadi nje hawabishii sana. Anasema inashika kweli, mradi uwe umelainisha bawaba kwanza. Isipokuwa hivyo, plastiki itapasuka pembeni ya boliti.

Mwalimu alipokuja kuichukua aliifungua kwa kushika kona, kama alivyozoea. Fundi akamsogeza mkono hadi katikati ya ukingo wa juu, na laptopu ikafunguka bila mwili wake kunyanyuka mezani. Mwalimu akaifunga, akaifungua tena, akauliza kwa nini imekuwa nyepesi, akihofia kwamba imelegea.

Kazi aipendayo fundi ni ile ambayo bado haijavunjika, inayoletwa kwa sababu ya mlio tu au kwa sababu imekuwa ngumu kufungua. Inachukua nusu saa: kufungua kava, grisi, nati, kukaza skrubu zilizoanza kuachia. Malipo yake ni madogo na wateja hubishana nayo, kwa kuwa hawaoni kilichotengenezwa. Kijana mmoja alimuuliza mbele yangu kwa nini alipe wakati hakuna kitu kipya kilichowekwa. Fundi alimwonyesha ule unga wa kahawia kwenye kitambaa, akamtajia bei ileile.